Tiki pembeni, duara kwenye kosa

Mwalimu wa hisabati anayesahihisha karatasi zilizoskaniwa ana shida ambayo mwenzake wa historia hana. Mkasi wake hufanana na herufi x, tiki hufanana na alama ya kipeuo, na duara huweza kusomeka kama sifuri. Ukizitawanya juu ya kazi ya mwanafunzi, atashindwa kujua kipi alichoandika yeye na kipi ulichoandika wewe. Ndiyo maana karatasi ya hisabati inahitaji pambizo pana.

Ukurasa wa A4 una upana wa sentimita 21. Katika programu ya bure ya LibreOffice Draw, tengeneza ukurasa wenye upana wa sentimita 25, kisha bandika picha ya karatasi upande wa kushoto bila kuibana. Utabaki na sentimita 4 za weupe upande wa kulia. Chagua picha, bonyeza F4, uweke tiki penye Position chini ya Protect, ili isisogee kila unapoigusa.

Tuchukue swali la alama 3: 3(x − 2) = x + 8. Mwanafunzi ameandika:

3x − 6 = x + 8
3x + x = 8 + 6
4x = 14
x = 3.5

Mstari wa kwanza ni sahihi. Piga tiki kwenye pambizo, usawa na mstari huo. Katika wa pili, amehamisha x bila kubadili ishara. Zungushia ile ishara ya kujumlisha iliyo kushoto peke yake, wala usizungushie mstari mzima, maana 8 + 6 ni sahihi na duara kubwa litamfanya adhani amekosea kote. Duara liwe jekundu, lisijazwe rangi ndani, na mkasi wake ukae kwenye pambizo pamoja na maneno machache: "x ikihama, ishara hubadilika."

Mistari miwili ya mwisho ndiyo hunitia uchungu ninapoiona imepigwa mikasi. Mwanafunzi amegawanya 14 kwa 4 kwa usahihi. Kosa ni lilelile la juu. Mwongozo ukiruhusu alama ya kufuatia kosa, mpe tiki ya hatua hiyo. Usiporuhusu, weka mkasi mmoja tu penye jibu la mwisho, na uandike kando jibu sahihi, x = 7. Kisha andika jumla kwenye pambizo, chini ya tiki zenyewe, ili aweze kuzihesabu.

Ukimaliza, toa faili kama PDF. Alama zilizochorwa kwenye Draw huwa sehemu ya ukurasa, tofauti na vibandiko vya maoni ambavyo baadhi ya simu havionyeshi. Ifungue kwenye simu ndogo kabla ya kutuma: usipoweza kusoma maneno ya pambizo bila kukuza ukurasa, ongeza ukubwa wa herufi.