Picha Mbili za Esta

Kimiminika hakina rangi, kinanukia kama matunda, na kinachojulikana kukihusu ni fomula tu: C₄H₈O₂. Kila molekuli yake ina atomi nne za kaboni, nane za haidrojeni na mbili za oksijeni. Zimeshikana vipi, fomula haisemi, na kuna zaidi ya vitu kumi tofauti vyenye fomula hiyo hiyo. Kilichopo mezani ni picha mbili zilizopigwa kwa simu: moja ya chati ya infraredi, nyingine ya chati ya protoni.

Hata kabla ya picha, fomula ina jambo la kutuambia. Kaboni nne zilizopangwa mstari mmoja, bila pete wala kifungo maradufu, hubeba haidrojeni 10. Hapa ziko 8. Zile mbili zinazokosekana zina maana kwamba molekuli ina pete moja au kifungo maradufu kimoja, basi. Ukichora muundo wenye zaidi ya hapo, umeshakosea.

Chati ya infraredi huonyesha miali iliyomezwa na vifungo kati ya atomi. Kifungo hutikisika kama springi: kikiwa kigumu na atomi zake nyepesi, hutikisika haraka, na kila aina ya kifungo humeza miali ya kasi yake. Mstari wa chati hutembea juu na kushuka pale miali inapomezwa, kwa hiyo tunachotafuta ni mabonde. Namba huanzia 4000 kushoto na kupungua kuelekea kulia. Picha iliyopigwa kwa kuinamisha simu huvuta upande mmoja wa chati, hivyo usipime kwa rula kutoka pembe hadi pembe. Tafuta alama mbili za mhimili zilizo karibu zaidi na bonde, kisha kadiria kati yake. Kuna chati, hasa za zamani, ambazo nafasi kati ya namba hubadilika zinapofika 2000. Asiyeliona hilo atasoma bonde kwa makosa makubwa.

Katika picha yetu bonde refu kuliko yote liko kati ya 1800 na 1700, limepita nusu kidogo: ni kama 1740. Hiki ni kifungo maradufu cha kaboni na oksijeni. Bonde ni refu kwa sababu oksijeni huvuta elektroni upande wake, na kifungo kilichovutwa hivyo humeza miali kwa nguvu. Deni letu la haidrojeni mbili limelipwa hapo hapo, na pete haipo tena. Namba yenyewe nayo ina uzito. Ketoni za kawaida na asidi za kaboni husomeka karibu na 1710. Kupanda hadi 1740 hutokea pale oksijeni ya pili inapokaa ubavuni mwa kaboni hiyo hiyo na kukifanya kifungo kuwa kigumu zaidi, kama ilivyo kwenye esta.

Sasa tazama kisichokuwapo. Asidi ingeacha bonde pana, lililotambaa kutoka 3300 hadi 2500 na kuyafunika mengine. Alkoholi ingeacha bonde la mviringo karibu na 3400. Hapa eneo hilo ni tupu, isipokuwa mabonde madogo karibu na 2980 ya haidrojeni zilizoshikwa na kaboni. Mimi naona ushahidi huu wa kutokuwapo ni imara kuliko mabonde mengi ya upande wa kulia wa chati, ambako mabonde hurundikana na kila mtu huona anachotaka kukiona. Huko nachukua moja tu: bonde nene karibu na 1240, la kifungo kimoja cha kaboni na oksijeni. Tuna esta, ila hatujui ni ipi.

Picha ya pili hutokana na sampuli iliyoyeyushwa katika kloroformu maalumu na kuwekwa ndani ya sumaku yenye nguvu. Kila haidrojeni ina protoni, na protoni huitika mahali tofauti kulingana na elektroni zinazoizunguka. Sifuri iko kulia, na kadiri unavyokwenda kushoto ndivyo elektroni za kuikinga protoni zinavyopungua. Kilele kidogo kwenye 7.26 ni cha kloroformu yenyewe. Usikihesabu, ila kitumie kuhakikisha kwamba umesoma mhimili sawasawa.

Yanabaki makundi matatu ya vilele: 4.12, 2.04 na 1.26. Juu ya kila kundi mashine imechora ngazi, na urefu wa ngazi hulingana na idadi ya haidrojeni. Kwenye picha ngazi hizo zina milimita 12, 18 na 18. Gawanya kwa 6 upate 2, 3 na 3. Jumla ni 8, hakuna haidrojeni iliyopotea.

Kundi la 4.12 limegawanyika mistari minne, la 1.26 mistari mitatu, na la 2.04 ni mstari mmoja. Chanzo ni majirani. Kila protoni ni sumaku ndogo inayoelekea juu au chini, na protoni ya kaboni ya pili yake huhisi mwelekeo huo. Tuseme una majirani watatu. Wote wanaweza kuelekea juu, na njia ni moja tu. Wawili juu na mmoja chini, njia ni tatu, kwa kuwa yeyote kati yao anaweza kuwa ndiye wa chini. Mmoja juu na wawili chini, tatu tena. Wote chini, moja. Ndiyo maana ile mistari minne ina urefu wa 1, 3, 3, 1. Majirani wawili hutoa mistari mitatu ya 1, 2, 1.

Kwa hiyo CH₂ ya 4.12 inapakana na CH₃, na CH₃ ya 1.26 inapakana na CH₂. Zimeshikana: CH₃–CH₂. Uthibitisho ni nafasi kati ya mstari na mstari, ambayo lazima iwe sawa katika makundi yote mawili, hapa hezi 7.1. Zikitofautiana waziwazi, hao si majirani. CH₃ ya pili, iliyo peke yake kwenye 2.04, haina haidrojeni jirani.

Hapa ndipo wengi husimama mapema. Vipande tulivyo navyo ni CH₃–CH₂, CH₃ ya upweke, na kundi la esta lenye oksijeni mbili. Vinaungana kwa njia mbili. Ethili ikikaa upande wa oksijeni, ni ethili asetati, CH₃COOCH₂CH₃. Ikikaa upande wa kaboni, ni methili propanoati, CH₃CH₂COOCH₃. Zote mbili zina mistari minne, mitatu na mmoja. Zote mbili zina ngazi za 2, 3 na 3. Zote mbili zina bonde karibu na 1740. Mgawanyiko wa vilele hauwezi kuzitenganisha hata kidogo.

Kinachoamua ni mahali. Oksijeni huvuta elektroni, kwa hiyo haidrojeni za kaboni iliyoshikana nayo moja kwa moja hukaa karibu na 4. Zile zilizo ubavuni mwa C=O hukaa karibu na 2. Katika chati yetu ni CH₂, yenye mistari minne, iliyosukumwa hadi 4.12, na CH₃ ya upweke iko 2.04. Ethili imeshika oksijeni. Kama ingekuwa methili propanoati, mambo yangegeuka: CH₃ ya upweke ingekuwa 3.67, na mistari minne ingeshuka hadi 2.32. Bonde la 1240 nalo linakubali, maana ndilo mahali pa kawaida pa asetati, ilhali esta nyingine nyingi huwa chini ya hapo. Jina ni ethili asetati, kiyeyushi kinachotumiwa pia kwenye dawa ya kutolea rangi ya kucha.

Kuna mtego mmoja uliobaki. Maabara nyingi hutumia ethili asetati kusafishia sampuli, na isipokauka vizuri huacha vilele hivi vitatu kwenye chati ya kitu kingine kabisa. Njia ya kuutambua ni zile ngazi. Vilele vya 4.12, 2.04 na 1.26 vikiwa na uwiano wa 2, 3 na 3 kati yao, lakini ngazi zake ni fupi mno na hazilingani kwa namba nzima na za vilele vingine, hicho ni kiyeyushi kilichobaki: rudisha sampuli ikaushwe, kisha pima upya.