Kicheko cha Meza Mbili

Kaka wa bibi harusi hupewa kipaza sauti kwa dakika 5. Harusi ikiwa ya lugha moja, muda huo unatosha: atawakaribisha wakwe, atamtania shemeji, atamliza dada yake kidogo, kisha glasi juu. Ikiwa ya lugha mbili, kila anachosema kinasemwa tena, na dakika zake halisi zinabaki 2 na nusu. Asitegemee kuongezewa. Ndafu inasubiri kukatwa, na mshereheshaji ana ratiba mkononi.

Chukua harusi ya Moshi: binti wa Kichaga anaolewa na kijana wa Kijerumani. Ukumbini wamo wageni 300, na 20 kati yao wametoka Bavaria. Wamekaa pamoja karibu na meza kuu, wanatabasamu kwa kila kitu kwa sababu hawajui kipi ni cha kutabasamia. Wazazi wa bwana harusi wanajua Kiingereza cha kuagizia chai, si cha kuchekea. Kwa hiyo kaka atasema kwa Kiswahili, na binamu aliyesoma Ujerumani atakalimani.

Jambo la kwanza linalomjia kaka wa Kichaga ni utani. Atawachokoza Wapare waliomo ukumbini, maana ni watani wake, na atamalizia kwa kile kisa cha zamani cha Mchaga anayezinduka usingizini akisikia sarafu ikianguka. Watu watashika mbavu. Kwenye meza ya Wajerumani, binamu bado atakuwa anaeleza Wapare ni akina nani, kwa nini Mchaga ana ruhusa ya kuwaambia maneno hayo, na kwa nini hakuna aliyekasirika. Atakapoifikia sarafu, kaka ameshahamia jambo jingine. Utani wa makabila unachekesha kwa sababu kila mtu ukumbini anaijua mipaka yake tangu utotoni, na ujuzi wa utotoni hautafsiriki kwa sekunde 10. Methali na mafumbo yana shida hiyohiyo. Yakatwe mapema, hata yale matamu.

Mchezo wa maneno ninaoweza kuuruhusu hapa ni mmoja tu. Hela lilikuwa jina la sarafu ya Wajerumani iliyoanza kutumika huku mwaka 1904, hela 100 zikifanya rupia moja, na shule nayo ni neno lao. Kaka anaweza kuwaambia wakwe: "Mlituachia shule na hela. Shule bado tunazo." Wageni watayasikia maneno yao wenyewe hata kabla binamu hajafungua mdomo. Lakini akomee hapo. Mwaka 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, Old Moshi, na familia yake imetumia miaka mingi kulitafuta fuvu lake Ujerumani. Mzee wa ukoo huo anaweza kuwa amekaa safu ya tatu, na mzaha wa ukoloni ukimfikia yeye hauna mkalimani wa kuuokoa.

Kinachovuka salama ni tukio. Dada ni nesi, basi kaka anaandika hivi:

"Dada yangu alianza unesi akiwa na miaka 6. Mgonjwa wake wa kwanza nilikuwa mimi. Nilikuwa mzima. Alipomaliza kunitibu, nikapelekwa hospitali."

Hapa msikilizaji hahitaji kujua lolote kuhusu Kilimanjaro. Mama wa Bavaria naye amewahi kuona watoto wakicheza daktari na mgonjwa, na amewahi kujiuliza mchezo huo utaishia wapi. Sentensi ni fupi, kila moja inaweza kutafsiriwa peke yake, na siri inakaa mwisho kabisa, kwenye hospitali. Kijerumani nacho kinaweza kuiweka hospitali mwisho, kwa hiyo meza zote mbili zinafika pamoja. Kaka angeandika "Nilipelekwa hospitali baada ya dada kunitibu", siri ingetangulia kisa, na kichekesho kingekufa katika lugha zote mbili kwa mpigo.

Binamu naye ni hatari kwa namna yake, hasa akiwa mkalimani mzuri. Mkalimani mzuri amezoea kupanga maneno ya watu. Atasikia sentensi 4 fupi, atazikusanya, na kuwapa wageni moja iliyonyooka: kwamba kaka alipokuwa mdogo dada yake alimtibu ingawa hakuwa mgonjwa, hadi ikabidi apelekwe hospitali. Habari yote imo na hakuna atakayecheka. Ndiyo maana binamu apewe karatasi siku moja kabla, sentensi ya mwisho ya kila kisa ikiwa imepigiwa mstari, na aambiwe wazi kwamba sehemu hizo hazipangwi upya. Kisha kaka amgeukie bwana harusi: "Shemeji, siku akikuambia haitauma, kimbia."

Kisa cha pili kina mtego ambao wengi hawauoni mpaka wameshanasa. Siku shemeji alipoletwa nyumbani mara ya kwanza, kuna mtu alimkagua kuanzia viatu hadi nywele. Akamuuliza kazi yake, akamuuliza mshahara, akamuuliza kama kwao kuna ugonjwa wa kichaa. Kila anayesikia anamwona baba mkwe. Mwishoni ndipo inafahamika kwamba muulizaji alikuwa bibi, mwenye miaka 84, na baba alikuwa jikoni amejificha. Kwa Kiswahili bibi anaweza kufichwa kisa kizima, maana "akamuuliza" haisemi kama ni mwanamume au mwanamke. Kijerumani hakitoi nafasi hiyo. Kwenye sentensi ya pili tu binamu atalazimika kuchagua, na akichagua kwa uaminifu, Wajerumani watakutana na bibi kabla ya wakati. Akichagua kiume ili aitunze siri, atakuwa amewadanganya, na kurudi kusahihisha kutamaliza raha yote.

Dawa yake ni kukigeuza kisa kwa upande wa aliyeulizwa. "Shemeji aliulizwa kazi. Akaulizwa mshahara. Akaulizwa kama kwao kuna kichaa." Kijerumani kinaliweza hilo bila kumtaja muulizaji, na bibi anabaki salama nyuma ya pazia. Mimi naona hata kwa Kiswahili kisa kimekuwa bora, kwa sababu sasa macho yote yako kwa shemeji anayetoka jasho.

Vipo pia vichekesho vinavyovuka lugha vizuri kabisa, kisha vinaumiza vikishafika. Wajerumani wana hazina kubwa ya mizaha ya mama mkwe, na mjomba wa bwana harusi akipewa zamu anaweza kuchomoa mmoja. Binamu atatafsiri kila neno sawasawa. Ukumbi utanyamaza, maana kwetu utani ni wa mashemeji, na mama mkwe hutaniwi hadharani. Afadhali mjomba huyo adokezwe mapema, kwa upole, wakati wa chai.

Upande wetu mtego ni mahari. Kaka akisema "mali ikishatoka dukani hairudi", wajomba watapiga meza kwa kucheka. Kwa Kijerumani sentensi hiyo inasikika kama tangazo kwamba mwanamke ameuzwa, na mama wa bwana harusi ataacha kutabasamu kwa mara ya kwanza tangu ashuke uwanja wa ndege. Mahari isifichwe, ila anayechekwa awe kaka mwenyewe. Siku ya mahari alipewa kamba amshike mbuzi. Mbuzi akamburuta hadi kwa jirani, na aliyemkamata ni shemeji, na shati lake jeupe. "Baba akatutazama wote wawili. Akamwambia shemeji, wewe baki hapa. Akaniambia mimi, wewe ndiye uende Ujerumani." Meza zote mbili zinacheka, hakuna aliyeuzwa, na wageni wamejua kwamba mbuzi alitoka kwao.

Sasa kuna suala la muda wa kicheko chenyewe. Watu 280 wakicheka, hakuna anayemsikia mkalimani, hata akiwa na kipaza sauti chake. Binamu asubiri sauti ishuke, kisha atafsiri. Meza ya wageni itacheka, na ukumbi utacheka tena kwa kuwaona wazungu wakicheka. Hicho kicheko cha pili ni cha bure, lakini wasemaji wengi hukipoteza kwa kuanza sentensi mpya katikati. Kaka akae kimya na aitazame meza ya Bavaria, si karatasi. Katika kisa kimoja, cha hospitali kwa mfano, anaweza kukariri sentensi ya mwisho kwa Kijerumani na kuisema mwenyewe kabla ya Kiswahili. Safari hii wageni watatangulia kucheka na wenyeji watasubiri, jambo ambalo wageni hawalisahau. Lafudhi mbovu haina tatizo. Inasaidia.

Mzaha mwingine unaoeleweka bila lugha yoyote ni wa mkalimani mwenyewe. Kaka anawasifu wakwe kwa maneno mazito ya dakika nzima, mikono ikipaa. Binamu anafikiri, kisha anawaambia Wajerumani kwa ufupi tu: "Amefurahi." Wenyeji wameusikia urefu, wageni wameuona, na wote wanajua kuna kitu kimepotea njiani. Ufanywe mara moja na ufanyiwe mazoezi, na binamu asicheke.

Kaka asidanganyike na kila kicheko. Rais mstaafu wa Marekani, Jimmy Carter, alisimulia kwamba mwaka 1981, akihutubia chuo kimoja karibu na Osaka, Japani, alitoa kichekesho kifupi na watu wakaangua kicheko kuliko alivyowahi kuchekewa. Alipombana mkalimani amwambie alikitafsiri vipi, yule bwana akakiri: aliwaambia tu kwamba Rais Carter ametoa kichekesho, na wote lazima wacheke. Wageni wa harusini nao wana adabu. Mtu aliyechekeshwa kweli humgeukia jirani yake. Anayecheka kwa heshima huendelea kumtazama msemaji. Kaka akiona wageni 20 wote wanamtazama yeye, aruke kisa kinachofuata na aende kwenye glasi.

Kwenye glasi mambo ni mepesi, isipokuwa mawili. Wajerumani wanapogonganisha glasi hutazamana machoni, na asiyetazama huonekana amewapuuza, kwa hiyo walokole walioshika soda na wazee walioshika mbege waambiwe wainue macho pamoja na glasi. La pili ni mpiga muziki. Amezoea kufungulia wimbo mara tu kaka anaposema "asanteni", na hapo sentensi ya mwisho ya Kijerumani humezwa na spika, wageni wakabaki wameshika glasi bila kujua wanywe au wangoje. Mpiga muziki aonyeshwe binamu alipokaa, na aambiwe kwamba wimbo unaanza binamu akinywa, si kaka akimaliza.