Maji ya Kopo la Dengu: Soma Kibandiko Kabla ya Kuyamwaga

Ukifungua kopo la dengu nene, zile za rangi ya maziwa ambazo Waingereza na Waarabu huzipenda, utakuta zimezama katika maji mazito ya manjano yanayonata vidoleni. Wapishi wengi huyamwaga kwenye sinki bila kufikiri, wakidhani ni dawa ya kuhifadhia chakula kisioze. Sivyo. Ni maji yaleyale ambamo dengu zimepikwa, na kwa kawaida ni salama kuliwa sawasawa na dengu zenyewe.

Usalama huo unatokana na jinsi kopo linavyotengenezwa. Kiwandani dengu hulowekwa, hutiwa ndani ya kopo pamoja na maji, kisha kopo hufungwa kabisa kabla ya kuingizwa kwenye mtambo wa mvuke wenye shinikizo. Humo joto hupanda hadi nyuzi 121 hivi za Selsiasi, kiasi cha kuua hata mbegu sugu za bakteria zinazostahimili maji ya kawaida yanayochemka. Dengu huivia humohumo, na kinachotoka ndani yake hakina pa kwenda ila kwenye hayo maji.

Na hutoka nini? Sehemu kubwa mno, takribani asilimia 95, hubaki kuwa maji. Kinachosalia ni wanga, sukari za aina mbalimbali, protini kidogo zinazoyeyuka, chumvichumvi, na saponini, vitu vya asili vya mimea vinavyotoa povu kama la sabuni. Wanga ndio unaoyafanya maji yawe mazito. Protini na saponini hushika hewa yanapopigwa, na ndiyo maana yanaweza kufanya kazi ya ute wa yai.

Jambo hilo halina umri mkubwa. Mwaka 2014 Mfaransa Joël Roessel, mwimbaji kwa kazi yake, alionyesha kwamba maji ya kunde za kopo huumuka povu. Mwaka uliofuata Mmarekani Goose Wohlt akagundua kwamba maji ya dengu na sukari peke yake vinatosha kutengeneza vibiskuti vyepesi vya povu, akayaita akwafaba. Wasiokula mayai waliyapokea kwa furaha.

Ukitaka kujaribu, chuja kopo la gramu 400. Utapata karibu nusu kikombe cha maji. Vijiko viwili vikubwa hushika nafasi ya ute wa yai moja, na vitatu nafasi ya yai zima. Yakiwa mepesi kama maji ya mchele, yachemshe taratibu bila kufunika hadi yawe mazito kama ute mbichi, kisha yaache yapoe kabisa. Tia matone machache ya limau, yapige kwa mashine, na baada ya dakika tano hivi utaona povu jeupe. Ongeza sukari gramu 100 kidogo kidogo huku mashine ikiendelea, mpaka povu ling'ae na kusimama wima mwiko unapoinuliwa. Gawanya vijungu vidogo kwenye karatasi ya kuokea, uoke kwa nyuzi 100 kwa saa moja na nusu au zaidi. Bakuli lisiwe na mafuta hata kidogo, kwa kuwa mafuta hulizuia povu lisipande. Usiongeze moto ili umalize haraka: ute wa yai hugandishwa na joto, lakini povu hili hukauka tu, na moto mkali hulitia mashimo au kulifanya liporomoke.

Kwa sababu hiyohiyo keki ya sponji inayotegemea mayai mengi haifai kuokwa kwa maji haya peke yake. Mayonezi, mkate na chapati ndogo za maji hukubali vizuri. Kwenye lishe pia si yai: protini yake ni ndogo mno.

Sasa kibandiko. Orodha nzuri husema dengu na maji, pengine chumvi. Ukiona kalsiamu disodiamu EDTA, hiyo huongezwa ili rangi isibadilike, na kwa kiwango kinachoruhusiwa haina madhara. Chumvi ndiyo ya kuangaliwa zaidi: mwenye shinikizo la damu achague kopo lisilo na chumvi, au amwage maji na kuosha dengu. Mwenye mzio wa dengu asiyaguse, na mwenye tumbo linalojaa gesi kwa urahisi aanze na kidogo, kwa kuwa sukari zinazoleta gesi zimeyeyukia humo.

Maji yaliyotumika kulowekea dengu kavu nyumbani ni kitu kingine. Hayajapikwa, hivyo yamwagwe. Ya kopo yakibaki, yahamishie kwenye chombo kisafi, uyaweke frijini na kuyatumia ndani ya siku tatu au nne, au uyagandishe kwenye kitreya cha barafu.

Kopo likiwa limevimba, linavuja, limebonyea kwenye mshono, au likiruka maji linapofunguliwa, usionje hata tone. Sumu ya botulini inaweza kuwemo bila harufu yoyote, kwa hiyo litupe pamoja na dengu zake.