Sekunde ya Mwisho ya Saa ya Yuniksi

Kompyuta nyingi haziweki tarehe kama kalenda ya ukutani. Mfumo wa Yuniksi, pamoja na ile iliyoufuata, huhesabu sekunde tangu saa sita usiku ya kuamkia Januari 1, 1970, kwa saa za dunia, yaani UTC.

Mifumo ya zamani iliitengea hesabu hiyo biti 32. Biti moja huonyesha kama namba ni chanya au hasi, zikabaki 31 za kuhesabia. Namba kubwa kabisa inayoingia humo ni 2,147,483,647, sawa na miaka 68 na siku chache.

Sekunde hiyo itafika Jumanne, Januari 19, 2038, saa 03:14:07 za UTC. Nairobi na Dar es Salaam itakuwa saa 12 na dakika 14 asubuhi. Sekunde moja baadaye biti ya alama itageuka, namba itakuwa hasi 2,147,483,648, na kompyuta itasoma Desemba 13, 1901.

Dalili zilionekana mapema. Mei 2006, programu ya seva iitwayo AOLserver ilianza kukwama. Baadhi ya mipangilio yake iliweka ukomo wa kusubiri wa sekunde bilioni moja. Ukijumlishwa na saa ya siku ile, ulivuka mpaka wa 2038 na kuangukia zamani.

Tiba ni biti 64, zinazotosha miaka bilioni 292. Wenye mitambo ya zamani waikague sasa.