Kikaango cha Chuma Kilichoshika Kutu: Namna ya Kukirudisha Jikoni

Kikaango cha chuma kilichoshika kutu huonekana kibaya zaidi kwenye picha kuliko kilivyo. Kutu hutokea chuma kinapokutana na maji na hewa kwa pamoja, na chumvi huiharakisha. Ndiyo maana kikaango kilichoachwa wazi katika nyumba ya pwani huwa chekundu upesi kuliko cha bara. Lakini kikaango cha chuma cha kusubu, yaani kile kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu, kina unene wa milimita kadhaa, na kutu ya kawaida huwa imekula sehemu ndogo sana ya juu. Rangi ile ya chungwa peke yake si sababu ya kukitupa.

Tuseme picha iliyotumwa na muuzaji wa vitu vya mitumba inaonyesha kikaango kizito cha chuma cha kusubu, mpini wake ukiwa umeungana na mwili bila ribiti. Chini ndani kuna kutu ya unga, ya rangi ya chungwa. Ukingoni kuna ukoko mweusi unaobanduka, ambao ni mafuta ya zamani yaliyoungulia, na katikati kuna vidoa vyeusi vilivyozama kidogo. Kutu na ukoko vinaondoka. Vidoa ni vishimo vilivyokwisha kuliwa na kutu; vitabaki, ila havizuii kupika, isipokuwa vikiwa vingi na vya kina, kwani hapo chakula kitakuwa kinanasa.

Picha haiwezi kuonyesha ufa mwembamba, na ufa ndio unaoamua. Chuma cha kusubu ni kigumu lakini hakipindi, hivyo kikianguka sakafuni huatuka. Kabla ya kulipa, kikaango kininginizwe kwa tundu la mpini na kigongwe kwa mwiko wa mbao. Kizima hulia kwa sauti safi inayodumu kidogo; chenye ufa hutoa sauti butu inayokatika. Kikaango cha bamba la chuma, kama tawa nyingi za chapati, hakipasuki kirahisi, ila hupinda kwa moto mkali. Hicho kiwekwe juu ya meza iliyonyooka na kubonyezwa ukingoni: kikichezacheza, mafuta yatakimbilia upande mmoja siku zote.

Swali moja zaidi aulizwe mwenye chombo: kilitumika kwa kazi gani? Vyombo vya chuma vya zamani hutumika mara nyingine kuyeyushia risasi ya kutengenezea chubwi za mishipi ya kuvulia. Risasi ni sumu, na kusugua hakutoshi kuiondoa kwa uhakika. Kikaango cha namna hiyo kisirudi jikoni kamwe, hata kiking'aa vipi.

Kikiwa salama, kazi huanza kwa kusugua kikiwa kikavu. Stilwaya na chumvi ya mawe hutosha kwa kutu ya unga, na msasa mwembamba hufaa palipo pagumu. Kutu ikikataa kutoka, kikaango huzamishwa katika siki iliyochanganywa na maji kwa kiasi sawa. Hapa wengi huharibu kwa kukiacha usiku kucha. Siki huyeyusha kutu kwanza, kisha huanza kula chuma chenyewe, na kikaango huishia kuwa na uso mkwaruzo wa kijivu. Kitazamwe baada ya nusu saa, kisuguliwe, na kirudishwe iwapo tu bado kina wekundu. Hakuna haja ya kukitupa katika moto mkali ili ukoko uungue, kwa maana moto huo hupasua chuma cha kusubu na kupinda kile cha bamba.

Baada ya siki, kikaango husuuzwa kwa maji na sabuni. Chuma kilicho uchi hushika kutu upya ndani ya dakika chache, kwa hiyo kikaushwe kwa kitambaa mara moja, kisha kiwekwe juu ya moto mdogo mpaka kikauke kabisa. Kitambaa cheupe kikipitishwa na kutoka chekundu, kutu bado ipo, na kusugua kunaendelea. Kikitoka na weusi kidogo tu, ni masizi, na kazi ya mafuta inaweza kuanza.

Mafuta ndiyo yanayorudisha weusi na ulaini wa kikaango. Yakipakwa kidogo na kupata joto jingi, chembe zake hushikana kwa msaada wa hewa na kuwa utando mgumu ulioganda kwenye chuma, mfano wa vanishi kwenye mbao. Mafuta ya alizeti, ya soya au ya mahindi hufanya kazi hii vizuri kwa sababu aina yake ya mafuta hushikana kwa urahisi. Mafuta ya nazi, ingawa ni bora kwa mapishi mengi, hayakauki hivyo, na huacha uso unaonata.

Kikaango kikiwa na uvuguvugu, matone machache ya mafuta hupakwa kila mahali: ndani, nje, na mpini pia. Kisha huchukuliwa kitambaa kingine kikavu na kufuta mafuta yote, kama vile yalipakwa kwa makosa. Kitakachobaki, ambacho jicho halikioni ila kama mng'ao hafifu, ndicho kinachotakiwa. Hatua hii ndiyo inayopuuzwa zaidi, na ndiyo inayoamua matokeo. Mafuta yakiwa mengi, huchuruzika, hugandia vidonge na kunata.

Palipo na oveni, kikaango hupinduliwa kifudifudi na kuachwa kwa saa moja katika nyuzi 200 hadi 230 za Selsiasi, kisha hupoa humo humo. Kwenye jiko la mkaa au la gesi, moto uwe wa wastani na madirisha yawe wazi. Kikaango huzungushwa ili joto lifike kila upande, mpaka moshi ukome wenyewe. Utando wa kwanza hutoka wa hudhurungi, tena wenye madoa, na hilo si kosa. Mafuta hurudiwa mara tatu au nne, na kila mara rangi hukolea kuelekea weusi. Uso ukinata baada ya kupoa, kikaango kirudi motoni bila mafuta mapya kwa saa nyingine. Usipokauka hata hivyo, mafuta yalikuwa mengi, na sehemu hiyo isuguliwe na kupakwa upya.

Kikaango cha kwenye picha, kikiisha kupitia hayo yote, kitakuwa cheusi chenye vidoa vya vishimo katikati. Mapishi yake ya kwanza yawe yenye mafuta, kama chapati au vitunguu vya kukaanga. Mayai yasubiri mpaka utando ukomae. Nyanya, ukwaju na ndimu visipikwe humo kwa muda mrefu, kwani ukali wake hubandua utando. Sabuni kidogo ya kuoshea vyombo haidhuru, bali kinachodhuru ni kuloweka. Kila baada ya kuosha, kikaushwe juu ya moto, kipakwe mafuta kwa kitambaa, na kihifadhiwe bila mfuniko ili unyevu usijifungie ndani.