Utangulizi: Pumzi za Mzee wa Mji wa Kale

Nawafungulia mlango wa uuguzi wa dharura kwa sepsisi, hali ambapo mwili unaopambana na maambukizi huanza kuviumiza viungo vyake wenyewe. Kisa hiki nimekitunga kwa ajili ya darasa, nikakiweka hapa Kizingo.

Saa tatu usiku, mzee wa miaka 62 analetwa hospitalini kwa tuktuk kutoka Mji wa Kale. Ana kisukari, na kidonda cha mguu cha siku tano. Joto lake ni 36.4, presha 104 kwa 60, mapigo ya moyo 112. Penye pumzi, muuguzi ameandika 18 bila kuhesabu. Binti yake anasema, "Baba tangu jioni hanitambui vizuri." Mzee anaambiwa asubiri kwenye benchi, kwa kuwa hana homa.

Hapo ndipo mgonjwa hutuponyoka. Mzee, tena mwenye kisukari, anaweza kuwa na sepsisi bila homa yoyote. Muuguzi wa pili anamtazama kifua kwa dakika nzima: pumzi 26. Kipimo cha haraka cha mwaka 2016 hutazama mambo matatu: pumzi 22 au zaidi, presha ya juu 100 au chini, na akili iliyovurugika. Ile 18 ya kukisia, pamoja na neno la binti lililopuuzwa, ilimpa sifuri. Ukweli unampa mbili. Hata hivyo msikitegemee kipimo hiki peke yake, kwani wagonjwa wengi wenye sepsisi hukiponyoka. Mwongozo wa kimataifa wa 2021 ulionya kuhusu hilo.

Muuguzi wa pili anampigia daktari wa zamu: "Nina mzee mwenye kisukari na kidonda cha mguu. Pumzi 26, amechanganyikiwa, presha 104. Nahofia sepsisi. Naomba uje sasa, tafadhali." Anaandika saa aliyopiga. Huku akisubiri anapima sukari, maana ikishuka nayo huvuruga akili, kisha anatoa damu ya kuotesha vijidudu. Sepsisi ikiwa na uwezekano mkubwa, antibiotiki ianze ndani ya saa moja.

Kuhusu dripu, jirani zetu wa Kilifi walishiriki utafiti wa FEAST, uliochapishwa 2011, kwa watoto zaidi ya 3,000 wa Kenya, Uganda na Tanzania waliokuwa na homa kali na mzunguko dhaifu wa damu. Katika saa 48, kati ya kila 100 waliopewa maji kwa kasi walifariki 10 hadi 11. Wasiopewa hivyo, 7. Mzee wetu si mtoto, lakini naye apewe maji kwa kipimo, akikaguliwa pumzi na mapafu kila mara.

Sasa jadilianeni. Neno la binti lingeandikwa wapi kwenye fomu? Daktari akikujibu "nakuja" na dakika 15 zikapita, utampigia nani, na utasema nini? Presha ikishuka hadi 88, ni jambo gani utalibadilisha kwanza? Kabla ya kujibu, mhesabieni mwenzenu pumzi kwa dakika nzima, kwa saa ya mkononi.