Mashine ya Pili Iwake Saa Ngapi?

Hoteli kubwa, hospitali na maghorofa ya ofisi mara nyingi hayapozwi na viyoyozi vidogo vya ukutani. Kuna chumba cha mitambo, na humo zimo mashine kubwa zinazopoza maji, ambazo mafundi huziita chila. Maji hutoka kwenye chila yakiwa na nyuzi joto 7 hivi, huzunguka vyumbani, yakachukua joto na kurudi na nyuzi 12. Joto lililokusanywa hupelekwa kwa mabomba mengine hadi minara ya kupozea, aghalabu juu ya paa, ambako feni hulipeperusha hewani.

Tuchukue jengo la mfano Dar es Salaam lenye chila 3, kila moja ikiwa na uwezo wa kupoza kilowati 1,000. Mashine hizo ziliwekwa kwa ajili ya siku yenye joto kali kuliko zote, siku ambayo huja mara chache. Siku nyingi zinahitajika 1 au 2 tu, na bili ya umeme hutegemea sana nani anaamua ziwake ngapi, na kwa kanuni gani.

Uamuzi huo huanza kwa kupima mzigo. Zidisha lita za maji yanayopita kwa sekunde kwa tofauti ya joto kati ya yanayorudi na yanayotoka, kisha zidisha kwa 4.19. Saa nne asubuhi jengo letu linapitisha lita 43 kwa sekunde, tofauti ikiwa nyuzi 5: hizo ni kilowati 900. Mashine moja imefika asilimia 90 ya uwezo wake. Kidhibiti hakikurupuki. Husubiri, tuseme dakika 15, kione kama mzigo umetulia hapo au ni ukumbi mmoja tu wa mikutano uliojaa kwa muda. Ukibaki juu, ndipo mashine ya pili huitwa.

Kuiwasha kuna utaratibu wake. Pampu hutangulia, vali hufunguliwa polepole, na kompresa huja mwisho. Vali ikifunguliwa ghafla, maji yaliyokuwa yakipita kwenye mashine ya kwanza hugawanyika mara moja, yaliyobaki ndani yake hupoa hadi kukaribia kuganda, na kinga ya mashine huizima. Ulitaka mbili, umebaki bila hata moja.

Jioni mzigo unaposhuka, swali linageuka: je, mashine moja itaweza peke yake? Mzigo ukiwa kilowati 850, itaweza, lakini wengi hawataizima ya pili hapo. Husubiri ushuke hadi 750 hivi na ukae nusu saa. Pengo hilo kati ya 900 ya kuwasha na 750 ya kuzima limewekwa makusudi. Bila hilo, wingu likipita mashine inazima, jua likirudi inawaka, na mota kubwa huumia zaidi wakati wa kuwaka kuliko wakati wa kukimbia. Ndiyo maana watengenezaji huweka kikomo cha mara ngapi mota iwashwe kwa saa.

Kosa linalovuruga hesabu hii yote ni dogo na halionekani kwa macho: vali ya mashine iliyozimwa kubaki wazi. Nusu ya maji ya nyuzi 12 hupita kwenye mashine iliyolala, yakatoka na nyuzi 12 zilezile, kisha yakachanganyika na maji ya nyuzi 7 kutoka kwa mwenzake. Vyumbani yanafika ya nyuzi 9.5. Watu wanalalamika joto, na mwendeshaji anawasha mashine ya pili. Malalamiko yanakwisha, kwa hiyo hakuna anayetafuta zaidi, na jengo linaendelea kulipia mashine 2 kwa kazi ya 1. Dalili yake ni hii: mashine inayofanya kazi inaonyesha asilimia 50 tu ilhali vyumba vina joto. Nenda kwenye ile iliyozimwa, usome geji za shinikizo za maji yanayoingia na yanayotoka. Zikitofautiana, maji yanapita.

Kuhusu zamu, kanuni ni rahisi kuliko watu wanavyoifanya. Mashine ileile ikiwa kiongozi kila siku, itachakaa wakati nyingine zikikaa hadi sili zikauke. Kidhibiti husoma saa ambazo kila mashine imefanya kazi, na kuipa yenye saa chache nafasi ya kuwaka kwanza. Ubadilishaji mzuri hufanyika pale mashine inapohitajika kuwashwa au kuzimwa kwa sababu nyingine. Kuzima iliyo katikati ya kazi ili tu kutimiza ratiba ya zamu ni kuongeza uwashaji bure. Mimi pia sipendi saa zilingane kabisa, kwa maana mashine 3 zenye saa sawa hufikia matengenezo makubwa mwaka mmoja, na bajeti inavunjika mara moja.

Sasa twende juu ya paa. Mnara hupoza maji kwa kuyafanya yavukize, kama mtungi wa udongo unavyopoza maji ya kunywa, na kwa hiyo uwezo wake hutegemea unyevu wa hewa. Kipimo chake ni joto linalosomwa na kipimajoto kilichofungwa kitambaa kibichi, liitwalo joto la balbu nyevu. Mnara hauwezi kushuka chini ya hapo, na kwa kawaida huishia nyuzi 4 hivi juu yake. Mchana wa nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 60 Dar es Salaam, balbu nyevu husoma karibu 26, hivyo maji ya mnara yatafika nyuzi 30. Mchana wa nyuzi 24 na unyevu wa asilimia 50 Nairobi, husoma takriban 17, na mnara uleule unaweza kukaribia 21.

Maji yakishuka nyuzi 1, kompresa huokoa takriban asilimia 2 hadi 3 ya umeme wake. Kwa hiyo lengo la maji ya mnara linafaa lifuate hewa: balbu nyevu ukijumlisha 4, lisishuke chini ya kikomo cha mtengenezaji. Kikomo hicho kinaheshimiwa, kwani maji yakiwa baridi mno shinikizo ndani ya mashine hupungua, na katika aina nyingi mafuta ya kompresa hushindwa kurudi yanakotakiwa.

Ila feni nazo zinakula umeme, na ulaji wake hupanda kwa mchemraba wa kasi. Feni ya kilowati 20 ikienda kwa asilimia 80 ya kasi hutumia kama 10 tu. Tuseme ile asilimia 20 iliyobaki inashusha maji nyuzi 1. Kompresa inayotumia kilowati 160 itaokoa 4, feni itaongeza 10. Hasara ni kilowati 6, ingawa kwenye skrini ya chila mambo yanaonekana mazuri. Hesabu sahihi hujumlisha kompresa, feni na pampu.

Mfumo huu wote hutegemea kihisi kimoja cha unyevu, na vihisi hivyo hupotoka taratibu kwa vumbi na chumvi ya bahari. Kikisoma chini kwa nyuzi 3, lengo linakuwa lisilofikika, na feni hukimbia kwa kasi kamili mchana na usiku bila kulifikia. Ukikuta hivyo usiku wa Julai jengo likiwa na watu wachache, chukua kipimajoto na kitambaa kibichi, ukisimamishe karibu na kihisi penye upepo, ulinganishe namba hizo mbili kabla ya kuita fundi wa chila.